Uwiano wa kura au mshindi anachukua vyote: maswali yanayojirudia kabla ya pepa, na Lesotho kama kesi yetu

Haya ni maswali ambayo watu wanaouliza kuhusu mada ya mifumo ya uchaguzi na idadi ya vyama wanayarudia kila semista, nimeyaweka pamoja ili nisiyajibu moja moja usiku wa manane. Mfano mkuu ni Lesotho, sio Uingereza na Ujerumani, kwa sababu wasahihishaji wameshachoka na Uingereza na Ujerumani, na pia Lesotho imebadilisha mfumo ikiwa nchi ile ile yenye wapiga kura wale wale, ndani ya miaka michache tu, kwa hiyo unaona mabadiliko ukiwa umeshika vitu vingine karibu vyote palepale. Nchi mbili tofauti huwezi kuzilinganisha hivyo.

Kwanza kabisa, tofauti ya hiyo mifumo miwili ni nini kwa maneno mafupi?

Mshindi anachukua vyote: nchi inakatwa majimbo, kila jimbo kiti kimoja, aliyeongoza kwa kura anakichukua hata kama amepata asilimia 35, waliobaki wanaenda nyumbani mikono mitupu. Tanzania Bara, Zanzibar, Kenya, Uganda, wote tunafanya hivi kwenye majimbo. Ufaransa nao wana kiti kimoja kwa jimbo ila wanarudia duru ya pili kama hakuna aliyevuka nusu, hiyo nayo inaingia kwenye familia hii hii ya mshindi mmoja, usiipeleke kwenye uwiano.

Uwiano wa kura: chama kinatoa orodha, wapiga kura wanachagua chama, viti vinagawanywa kufuatana na asilimia. Ukipata asilimia 20 ya kura unapata karibu asilimia 20 ya viti. Afrika Kusini, Burundi na Rwanda wanatumia orodha, kila mmoja kwa kanuni zake.

Halafu kuna mchanganyiko, yaani majimbo pamoja na orodha, na hapo ndo watu wanapotea kwenye pepa. Tutafika.

Duverger alisema nini hasa? Maana kila mtu anamtaja ila kila mtu anamnukuu tofauti.

Maurice Duverger, Mfaransa, aliweka hoja yake mwaka 1951. Kwamba mfumo wa mshindi mmoja kwa wingi wa kura kwa duru moja unasukuma siasa kuelekea vyama viwili, na uwiano unaelekea kwenye vyama vingi. Ukiandika hiyo tu umepata maksi za kuingilia mlangoni. Kinachobeba jibu ni KWA NINI, na sababu alizozitoa ni mbili ambazo lazima uzitenganishe.

Ya kwanza ni ya kimitambo. Yaani hesabu yenyewe ya kugeuza kura kuwa viti inakata vyama vidogo, hakuna mtu amekusudia, ni kanuni tu inafanya kazi yake. Chama kimepata asilimia 15 kila jimbo, kimekuwa cha tatu kila jimbo, viti sifuri.

Ya pili ni ya kisaikolojia. Mpiga kura akishaona hiyo mara moja au mbili anaanza kujiuliza, mimi kura yangu naitupa ya nini? Anahamia kwa yule wa pili anayeweza kumzuia yule asiyemtaka. Na viongozi nao wanaona, wanaacha kugombea peke yao, wanaungana. Mfano wa nyumbani: Kenya 1992 upinzani uligawanyika kati ya Matiba, Kibaki na Odinga, Moi akapita urais kwa asilimia kama 36 tu. 1997 wakagawanyika tena, Moi akapita tena. 2002 wakaungana chini ya NARC, Kibaki akashinda kwa asilimia 62 hivi. Huo ni urais, sio ubunge, kwa hiyo uutumie kuonyesha saikolojia tu, usiuchanganye na mgawanyo wa viti.

Kitu cha kuweka kichwani: sababu ya kimitambo inafanya kazi siku ile ile ya kuhesabu. Ya kisaikolojia inachukua muda, watu lazima wajifunze. Ukielewa hilo Lesotho yote inafunguka.

Idadi ya vyama inahesabiwaje? Si unahesabu tu vilivyopo bungeni?

Hapana, na hapa ndo maksi nyingi zinamwagika. Ukisema "idadi ya vyama" inaweza kuwa vilivyosajiliwa, vilivyosimamisha wagombea, vilivyoingia bungeni, au vile vyenye uzito kweli. Bunge lenye vyama kumi ambapo kimoja kina viti 77 na vinne vina kiti kimoja kimoja sio bunge la vyama kumi kwa maana ya siasa. Laakso na Taagepera wakatoa kipimo mwaka 1979 ambacho kinampa kila chama uzito kulingana na ukubwa wake:

```
N = 1 / (s1² + s2² + s3² + ...)
```

s ni sehemu ya viti (au ya kura) ya kila chama ikiandikwa kwa desimali, yaani asilimia 50 ni 0.5. Unaziweka kwenye skweya, unajumlisha, halafu 1 unaigawa kwa hiyo jumla. Vyama viwili vyenye nusu kwa nusu: 0.25 + 0.25 = 0.5, 1 gawanya 0.5 ni 2. Safi. Kimoja kina asilimia 90 na kingine 10: 0.81 + 0.01 = 0.82, jibu 1.22. Yaani kwa hesabu ni viwili lakini kwa uzito ni kimoja na kidogo.

Unaweza kuipiga mara mbili, kwa kura na kwa viti. Pengo kati ya hayo majibu mawili ndo sababu ya kimitambo ikionekana kwa macho. Kama N ya kura ni kubwa na N ya viti ni ndogo, mfumo umekata vyama njiani.

Haya, Lesotho. Ilianzaje?

Ilianza na mfumo kama wetu, urithi wa Mwingereza. Uchaguzi wa 1993, baada ya miaka ya utawala wa kijeshi, chama cha BCP cha Ntsu Mokhehle kilichukua viti vyote 65. Vyote. Chama cha upinzani cha BNP kilipata zaidi ya asilimia 20 ya kura na hakikupata hata kiti kimoja. 1997 Mokhehle, akiwa waziri mkuu, akatoka BCP na wabunge wengi akaanzisha LCD, chama kipya kikawa serikali bila uchaguzi (hili la kugawanyika likumbuke, linarudi mbele).

Uchaguzi wa Mei 1998: LCD, sasa chini ya Pakalitha Mosisili, asilimia 60.7 ya kura. BNP asilimia 24.5. BCP iliyobaki asilimia 10.5. Viti vilipokamilika: LCD 79 kati ya 80, BNP 1, BCP sifuri.

Chukua kalkuleta. Kwa kura: 0.607 skweya ni 0.368, 0.245 skweya ni 0.060, 0.105 skweya ni 0.011, vingine vidogo havina athari, jumla kama 0.44, N inakuwa kama 2.3. Kwa viti: 79 kwa 80 skweya ukaongeza 1 kwa 80 skweya unapata 0.975, N ni 1.03. Nchi iliyopiga kura kama ya vyama viwili na kidogo imepata bunge la chama kimoja. Huo ndo mkato wa kimitambo na sijui nchi nyingine ya karibu inayouonyesha vizuri hivi.

Lakini asilimia 60 kuwa viti 79 kati ya 80, si hiyo ni wizi tu?

Watu wa Maseru nao walisema hivyohivyo. Wakajaa nje ya ikulu ya mfalme wiki nyingi, tume iliyoongozwa na jaji Langa wa Afrika Kusini ikakuta kasoro kwenye uendeshaji ila haikuweza kusema kwamba kasoro hizo ndo zilibadilisha matokeo. Septemba 1998 majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia kwa jina la SADC, watu wakafa, katikati ya mji wa Maseru ikachomwa.

Ila kwa pepa: huhitaji wizi kuelezea 79 kwa 80. Inatosha kura za BNP ziwe zimesambaa sawasawa nchi nzima. Kama kila jimbo linafanana na taifa, LCD 60 na BNP 24, basi LCD inashinda kila jimbo na ile robo ya wapiga kura wa BNP inapotea kila mahali. Lesotho ni nchi ndogo, watu wake karibu wote ni Wasotho, lugha moja, hakuna ngome kubwa za kikabila. Laiti BNP ingekuwa na asilimia zile zile 24.5 zimejikusanya mkoa mmoja, ingetoka na viti hata 15 au zaidi. Kwa hiyo chama kidogo hakiuawi na udogo wake peke yake, kinauawa na udogo uliosambaa.

Hiyo ndo inaelezea Kenya? Maana Kenya wana mshindi anachukua vyote na bado vyama ni vingi.

Ndo hiyo hiyo. Watu wanaandika "Kenya inampinga Duverger" halafu wanaishia hapo. Mantiki ya vyama viwili inafanya kazi ndani ya jimbo, kwa sababu jimbo ndo linatoa kiti. Ndani ya jimbo moja mara nyingi mashindano ya kweli ni kati ya wawili, na kwenye ngome kali mashindano yote yameisha kwenye mchujo wa chama. Lakini wale wawili wa Nyanza sio lazima wawe wale wawili wa Mlima Kenya au wa Pwani. Ukijumlisha kitaifa unapata vyama vingi. Kuyaunganisha majimbo yote yawe na wale wale wawili ni kazi nyingine kabisa, Duverger mwenyewe hakuieleza vizuri, na mkosoaji anayempiga hapo anampiga kwa haki.

Kwa hiyo Lesotho na Kenya, kanuni ile ile ya majimbo, jiografia ya kura tofauti, matokeo tofauti. Sentensi hiyo ina maksi.

Baada ya vurugu wakahamia uwiano moja kwa moja?

Hapana, na mchakato wenyewe ni hoja ya mtihani. Desemba 1998 kikaundwa chombo cha mpito chenye wajumbe wawili kutoka kila chama kati ya vyama 12 vilivyoshiriki uchaguzi. Soma tena: vyama 12 vilikuwepo KABLA ya uwiano. Wengi wao walikuwa na hamu ya kupata mfumo utakaowaingiza bungeni, serikali ya LCD ikawa haitaki kupoteza majimbo yake, wakavutana kwa muda mrefu mpaka wakakubaliana: majimbo 80 yabaki, viongezwe viti 40 vya fidia kutoka kwenye orodha za vyama, jumla 120.

Kwa hiyo mwanafunzi akiandika "uwiano ulizalisha vyama vingi Lesotho" amegeuza mkokoteni. Vyama vingi visivyo na viti ndo vilidai uwiano. Kuna wasomi wanaolisema hili kwa upana, kwamba mara nyingi vyama vinachagua mfumo kabla mfumo haujachagua vyama, Josep Colomer ndo jina la kutaja hapo.

Viti vya fidia vinafanyaje kazi? Hapa huwa napotea.

Twende polepole na uchaguzi wa Mei 2002. Kila mpiga kura alipewa karatasi mbili, moja ya mbunge wa jimbo na moja ya chama. Karatasi ya chama ndo inaamua kila chama kinastahili viti vingapi kati ya 120 ZOTE, sio kati ya 40. Halafu unatoa viti vya majimbo ambavyo chama kimeshapata. Kilichopungua ndo kinafidiwa kutoka kwenye 40.

LCD ilipata karibu asilimia 55 ya kura za chama. Asilimia 55 ya 120 ni kama viti 66. Lakini kwenye majimbo 78 yaliyopiga kura siku ile (mawili yaliahirishwa) LCD ilikuwa imeshinda 77. Ameshazidi, kwa hiyo fidia sifuri. BNP ilipata asilimia 22.4, ambayo kwa 120 ni kama 27, na majimbo haikupata hata moja. Kwa hiyo ilitakiwa ipewe 27? Ilipewa 21.

Kwa nini sio 27? Kwa sababu LCD imekaa na viti zaidi ya haki yake na bunge la Lesotho halitanuki, ni 120 basi. Vile vya ziada lazima vitoke kwa mtu. Hesabu inarudiwa bila LCD, wale waliobaki wanagawana kilichobaki, kila mmoja anapungukiwa kidogo. New Zealand chama kikizidi hivyo wanaongeza viti bungeni, Ujerumani nao kwa miaka mingi walifanya hivyo mpaka bunge likavimba wakabadilisha sheria 2023. Ukiulizwa "mfumo wa fidia una mipaka gani" jibu ni hili: kama viti vya fidia ni vichache kulinganisha na majimbo (Lesotho ni theluthi moja tu) na mshindi amezoa majimbo karibu yote, fidia haitoshi kurudisha uwiano kamili.

Na idadi ya vyama ikawaje 2002?

Vilivyoingia bungeni: kumi. Kutoka viwili mpaka kumi kwa uchaguzi mmoja. LCD 77, BNP 21, LPC 5, NIP 5, BAC 3, BCP 3, na vinne vyenye kimoja kimoja. Hapo wanafunzi wengi wanapiga mstari wanahitimisha.

Piga hesabu sasa. Skweya za viti: 5929 + 441 + 25 + 25 + 9 + 9 + 4 = 6442. Viti vyote siku ile 118, skweya yake 13,924. Gawanya: N ni 2.16. Vyama kumi kwa kuhesabu vichwa, viwili na kidogo kwa uzito, na LCD bado anatawala peke yake bila kumuomba mtu. Uwiano haukumnyang'anya mkubwa ukubwa wake, ulichofanya ni kurudisha bungeni ule upinzani ambao kura za 1998 zilishauonyesha, ukikumbuka N ya kura mwaka ule ilikuwa 2.3. Hiyo ni sababu ya kimitambo imeondolewa. Ya kisaikolojia bado haijaanza kazi, wanasiasa hawajabadilisha tabia.

Walibadilisha lini?

Walianza haraka kuliko ilivyotarajiwa, na kwa ujanja. Oktoba 2006 Tom Thabane akatoka LCD akaanzisha ABC. Uchaguzi Februari 2007. LCD wakakaa chini wakaona, sisi tukishinda majimbo mengi hatupati fidia, karatasi yetu ya chama ni kama takataka, tuitumieje? Wakafunga ndoa na chama kidogo cha NIP: majimboni wapigieni LCD, kwenye orodha wapigieni NIP. ABC nao wakafanya vilevile na LWP.

Angalia matokeo. LCD majimbo 61, kwenye orodha hawapo. NIP majimbo sifuri, kura za orodha zaidi ya nusu, ikapewa viti 21 kati ya 40. Kanuni inaiona NIP kama chama maskini kisicho na jimbo, inakifidia kwa ukarimu, wakati ni wapiga kura wale wale walioshinda majimbo. Ukijumlisha LCD na NIP ni 82 kati ya 120, yaani asilimia 68, kwa nguvu ya kura za chama kama asilimia 52. Mfumo wa fidia ukageuka kuwa mfumo sambamba ambapo majimbo na orodha havijuani.

Namna ya kuutambua ujanja huu kwenye jedwali lolote la matokeo utakaloletewa: tafuta chama chenye majimbo mengi na kura za orodha sifuri, kando yake chama chenye kura za orodha nyingi na majimbo sifuri. Italia 2001 vyama vikubwa navyo vilicheza mchezo wa orodha za bandia. Popote penye karatasi mbili na fidia, mlango huu uko wazi.

Upinzani ukalalamika, SADC ikamtuma Ketumile Masire, rais mstaafu wa Botswana, kusuluhisha, mambo hayakwenda kirahisi. Mwishowe sheria ya 2011 ikaondoa karatasi ya pili: unampigia mgombea wa jimbo, kura hiyo hiyo inahesabiwa kuwa ya chama chake kitaifa. Ujanja ukaisha palepale, kwa sababu huwezi tena kuitenganisha kura ya jimbo na ya orodha.

Kwa hiyo 2012 ndo vyama vingi kweli?

Ndio. Miezi mitatu tu kabla ya uchaguzi Mosisili akatoka LCD yake mwenyewe akaanzisha DC akiwa bado waziri mkuu. Mei 2012: DC 48, ABC 30, LCD 26, BNP 5, PFD 3, NIP 2, na sita vyenye kimoja kimoja. Skweya: 2304 + 900 + 676 + 25 + 9 + 4 + 6 = 3924, na 120 skweya ni 14,400. N ni 3.67. Hakuna aliyefika 61. ABC, LCD na BNP wakaungana wakapata 61 kamili, Thabane akawa waziri mkuu, serikali ya kwanza ya mseto.

Panga namba zako mstari mmoja uzitazame: 1998 ni 1.03, 2002 ni 2.16, 2012 ni 3.67. Mruko wa kwanza ni mitambo, uliletwa na kanuni mpya kwa siku moja. Mruko wa pili umetoka kwa wanasiasa waliojifunza kwamba ukijitenga hufi. Zamani kiongozi akigombana na mwenzake ndani ya chama, kutoka nje ilikuwa kama kujizika isipokuwa ubebe karibu chama kizima kama Mokhehle. Chini ya viti vya fidia ukitoka na asilimia 22 unapata viti 26 na unakuwa ndo unayeamua nani atawale. Hiyo ndo saikolojia upande wa viongozi, ambao vitabu vingi vinaupa mistari miwili tu.

Mimi hata hivyo nisingeutupia mfumo mzigo wote. Migawanyiko Lesotho ilikuwepo 1997 chini ya mshindi anachukua vyote, na kanuni za bunge zilizoruhusu mbunge kuhama chama na kiti chake zilichangia sana. Serikali ile ya 2012 haikumaliza muda, Agosti 2014 ikawa na jaribio la mapinduzi, uchaguzi ukaletwa mapema Februari 2015, ukaletwa tena mapema Juni 2017. Ukiandika kwamba uwiano unaleta serikali za mseto zisizodumu, utaje pia jeshi na wabunge wanaohama, la sivyo msahihishaji anayeijua Lesotho atakukata.

Kuna mfano wa uwiano safi ambao haukuleta vyama vingi?

Afrika Kusini 1994, na ni jirani anayeizunguka Lesotho pande zote. Viti 400, orodha, hakuna kizingiti cha kisheria, yaani mlango uko wazi kuliko karibu popote. ANC 252, NP 82, IFP 43, FF 9, DP 7, PAC 5, ACDP 2. N ya viti ni 2.2. Mfumo ule ule 2024: ANC 159, DA 87, MK 58, EFF 39, IFP 17, jumla vyama 18 bungeni, N kama 4.2.

Kanuni ya kugawa viti ni ile ile ya uwiano, N imekaribia mara mbili. Kilichobadilika ni wapiga kura na migawanyiko ndani ya ANC, maana EFF na MK zote zimezaliwa na watu waliotoka humo. Kwa hiyo uwiano unaruhusu vyama vingi, hauvilazimishi. Mshindi anachukua vyote ndo unabana, na kubana ni rahisi kutabiri kuliko kuruhusu.

Kizingiti kina umuhimu gani? Nitaje?

Taja kwa sentensi mbili. Rwanda wana uwiano lakini chama kisichofika asilimia 5 hakipati kiti, hivyo uwiano wenye kizingiti unaweza kubana kama majimbo. Mfano mkali ni Uturuki 2002 ilipokuwa na kizingiti cha asilimia 10: AKP ilipata asilimia 34 ya kura na karibu theluthi mbili ya viti, kwa sababu vyama karibu vyote vilibaki chini ya mstari.

Swali likija "Jadili: mifumo ya uchaguzi huamua idadi ya vyama" nianzie wapi?

Anza kwa kuuliza idadi ipi, weka kipimo cha N mapema. Halafu mitambo na saikolojia, kila moja na ushahidi wake wa Lesotho. Halafu zile sehemu mbili ambapo neno "huamua" linavunjika: jiografia ya kura (Kenya) na mwelekeo wa sababu (vyama 12 vilivyodai mfumo). Afrika Kusini iweke mwisho kuonyesha kanuni ile ile, idadi tofauti. Usianze na maana ya demokrasia kwa Kigiriki, tafadhali.

Na viti maalum vya Tanzania, si ni uwiano? Kwa hiyo sisi ni mchanganyiko kama Lesotho?

Vinagawanywa kwa uwiano wa kura za ubunge kwa vyama vilivyofika asilimia 5, ndio. Lakini sio fidia. Hakuna anayetoa majimbo uliyoshinda kabla ya kukupa. Chama kilichozoa majimbo kinapata viti maalum vingi pia juu yake, wakati kwenye kanuni ya Lesotho 2002 LCD ilipata sifuri. Ni mfumo sambamba, na lengo lake ni uwakilishi wa wanawake, haukubuniwa kusahihisha uwiano kati ya vyama. Ukiulizwa uuainishe, andika majimbo ya mshindi mmoja pamoja na viti vya nyongeza visivyofidia, halafu tumia hesabu ya BNP 2002 kuonyesha kwamba chama chenye robo ya kura zilizosambaa kitapata kiasi gani chini ya kila moja. Chini ya fidia ya viti 40 BNP ilitoka na 21. Viti hivyo 40 vingegawanywa sambamba bila fidia, asilimia 22.4 ingeipa kama 9.